Kinga Bila Tarehe

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009, shirika la ndege la Kenya Airways lilitangaza hasara ya takriban shilingi bilioni 4 za Kenya. Wengi walioisoma habari hiyo walibaki vinywa wazi. Ndege zilikuwa zinaruka, abiria walikuwepo, na bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka duniani kote. Iweje shirika linalonunua mafuta kila siku lipate hasara mafuta yaliposhuka bei?

Jibu lilikuwa kwenye mikataba. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi liligusa dola 147, na mashirika ya ndege yakaingiwa na hofu kwamba bei itazidi kupaa. Yapo yaliyokwenda benki kufunga mikataba ya kujikinga. Kabla mwaka haujaisha, pipa hilohilo lilikuwa chini ya dola 40. Mikataba iliyowekwa ili bei ikipanda isiwaumize wenyewe ikageuka deni, na kanuni za uhasibu hazisubiri deni la namna hiyo lilipwe. Thamani yake ya siku ya kufunga hesabu lazima iandikwe. Sehemu kubwa ya hasara ya Kenya Airways mwaka ule ilikuwa ya aina hiyo, yaani hasara ya mikataba juu ya mafuta ambayo yalikuwa bado hayajachomwa.

Mkaguzi wa hesabu anayekuta mikataba kama hiyo ana kazi tatu. Ahakikishe thamani iliyoandikwa ni sahihi, ahakikishe makaratasi ya kinga yaliandikwa kwa wakati wake, na ahakikishe kinga inakinga kweli. Kazi hizo zinaeleweka vizuri zaidi kwa mkataba mmoja kuliko kwa kanuni mia, kwa hiyo tuchukue mfano. Shirika lenyewe nimelitunga, lakini makosa yake ni ya kawaida sana katika kazi hii.

Mkataba wenyewe

Shirika letu la mfano lina ndege chache na linachoma kama mapipa 30,000 ya mafuta ya ndege kila mwezi. Tarehe 3 Septemba linafunga mkataba na benki kwa ajili ya Januari, Februari na Machi za mwaka unaofuata, mapipa 20,000 kwa kila mwezi. Bei iliyokubaliwa ni dola 80 kwa pipa la mafuta ghafi ya Brent, yale ambayo bei yake hupangwa kila siku kwenye soko la ICE la London na kutumika kama kipimo duniani.

Masharti ni mepesi. Kama wastani wa bei ya Brent mwezi wa Januari utakuwa dola 90, benki italilipa shirika tofauti ya dola 10 mara mapipa 20,000, ambayo ni dola 200,000. Wastani ukiwa dola 70, shirika ndilo litakaloilipa benki dola 200,000. Hakuna pipa hata moja linalobadilishana mikono. Mafuta yenyewe shirika litanunua kwa msambazaji wake wa kila siku, kwa bei ya siku hiyo. Bei ikipanda, litamlipa msambazaji zaidi lakini litapata fidia benki. Ikishuka, litamlipa msambazaji kidogo lakini litaidai mifuko yake kwa ajili ya benki. Kwa vyovyote vile, gharama yake inabaki karibu na ile iliyopangwa kwenye bajeti.

Tatizo la kihesabu ni la wakati. Hesabu zinafungwa tarehe 31 Desemba. Kama bei imeshuka, hasara ya mkataba inaonekana Desemba, ilhali nafuu ya mafuta ya bei rahisi itaonekana Januari hadi Machi. Mwaka mmoja unabeba maumivu, mwaka mwingine unakula raha, ingawa vitu hivyo viwili viliwekwa pamoja kwa makusudi. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa, hasa ile ya IFRS 9, zinaruhusu kitu kinachoweza kuitwa uhasibu wa kinga: hasara ya mkataba isipite kwenye faida ya mwaka huu, bali iwekwe kando kwenye akiba maalumu ndani ya mtaji, isubiri hadi mafuta yanayokingwa yatakaponunuliwa.

Huo ni upendeleo, na upendeleo una masharti. Bila masharti, kila mkurugenzi wa fedha angeiita kila hasara yake kinga na kuisukumia kwenye akiba.

Mkataba usioacha alama

Kabla ya kupima chochote, mkaguzi anajiuliza kama ameonyeshwa mikataba yote. Swali hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mkataba kama wetu siku ya kufungwa kwake hauna bei. Hakuna pesa iliyotoka, hakuna iliyoingia. Bei ya dola 80 ilichaguliwa ili siku hiyo pande zote mbili ziwe sawa, na thamani ya mkataba iwe sifuri. Daftari la benki halina mstari wake. Mkaguzi anayeanza kazi kutoka kwenye leja atapita juu ya mkataba wa mamilioni bila kuuona.

Kwa hiyo anaanzia nje. Anaandika barua ya uthibitisho kwa kila benki ambayo shirika linafanya nayo kazi, hata zile ambazo wanamwambia hazina mikataba, akiomba orodha ya mikataba yote iliyo wazi tarehe 31 Desemba pamoja na masharti yake. Majibu yanakwenda kwake moja kwa moja, hayapitii ofisi ya mteja. Kisha anasoma kumbukumbu za vikao vya bodi, anapitia malipo yaliyofanyika Januari na Februari akitafuta fedha zilizokwenda benki bila mkopo wala ada inayoeleweka, na anawauliza watu wa kitengo cha hazina ni nani mwenye mamlaka ya kupiga simu benki na kufunga mkataba. Kama mtu huyohuyo anafunga mkataba, anauandika vitabuni na kuupatia thamani, hapo mkaguzi anaongeza kazi yake maradufu.

Katika mfano wetu benki zimejibu, na mkataba ni mmoja tu. Sasa kwenye thamani.

Bei ya leo na bei ya Machi

Mhasibu wa shirika ameandika hasara ya dola 420,000. Mkaguzi anaomba hesabu yake, naye anamwonyesha karatasi safi kabisa. Tarehe 31 Desemba Brent iliuzwa dola 73. Mkataba unasema 80. Tofauti ni dola 7, mara mapipa 60,000, jibu ni 420,000.

Hesabu ya kuzidisha haina kosa. Kosa liko kwenye bei. Mkataba wetu hauhusu mafuta ya leo, unahusu mafuta ya Januari, Februari na Machi, na soko lina bei ya kila mwezi ujao. Siku hiyohiyo ya 31 Desemba, wanunuzi na wauzaji walikuwa wakikubaliana Januari kwa dola 72.50, Februari kwa 72 na Machi kwa 71.50. Hizo ndizo bei ambazo mtu angezitumia kama angetaka kuununua mkataba huu kutoka kwa shirika siku hiyo, na thamani ya haki maana yake ni hiyo: bei ambayo watu wawili wenye kujua soko wangekubaliana siku ya kipimo.

Kwa hiyo mkaguzi anapiga upya. Januari upungufu ni dola 7.50 kwa pipa, ambayo ni dola 150,000. Februari ni dola 8, yaani 160,000. Machi ni dola 8.50, yaani 170,000. Jumla ni 480,000. Lakini fedha hizo zitalipwa kila mwezi unapoisha, na dola ya mwisho wa Machi ina thamani ndogo kidogo kuliko dola iliyo mkononi leo. Akikata riba ya asilimia 5 kwa mwaka kulingana na miezi ya kusubiri, anabaki na takriban dola 476,000. Kanuni inamtaka pia azingatie uwezekano kwamba mdaiwa asilipe, jambo ambalo kwa mkataba wa miezi mitatu hupunguza kiasi kidogo. Hapa tuliache kando hesabu isitukimbie.

Benki nayo ilileta makadirio yake katika barua ya uthibitisho: dola 471,000. Mkaguzi hapaswi kuikumbatia namba hiyo kama ushahidi pekee, maana benki ndiyo iliyouza mkataba na ndiyo iko upande wa pili wa deni. Ila ikikaa karibu na hesabu aliyoifanya mwenyewe kwa bei alizozichota mahali pengine, inampa utulivu. Tofauti ya dola 5,000 inaelezeka kwa saa ambayo bei ilichukuliwa na kiwango cha riba kilichotumika. Tofauti ya dola 56,000 kati ya hesabu yake na ya mhasibu haielezeki hivyo. Lazima vitabu virekebishwe.

Kosa hili ni rahisi kulinusa. Ukiona mkataba wa miezi kadhaa umepimwa kwa bei moja kwa miezi yote, uliza bei hiyo imetoka wapi. Soko ni nadra kuipa kila mwezi bei ileile.

Karatasi ya Septemba inayojua bei za Oktoba

Baada ya thamani, mkaguzi anaomba karatasi ya kinga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika uhasibu wa kinga daftari hilo lina sharti moja zito: liwepo tangu mwanzo. IFRS 9 inataka siku uhusiano wa kinga unapoanza iwepo karatasi rasmi inayotaja mkataba unaokinga, kitu kinachokingwa, hatari inayokingwa, uwiano kati ya vitu hivyo viwili, na namna ya kupima kama kinga inafanya kazi, pamoja na mambo yanayoweza kuifanya isilingane sawasawa.

Sababu ya ukali huu wa tarehe inaeleweka na yeyote aliyewahi kuona mtu akibashiri mechi baada ya kipenga cha mwisho. Anayeruhusiwa kuandika karatasi baadaye atasubiri aone mkataba umekwenda upande gani. Ukileta faida, atauacha upite kwenye faida ya mwaka. Ukileta hasara, atakumbuka kwamba ulikuwa kinga. Kwa hiyo kanuni ni kwamba uhasibu wa kinga unaanza siku karatasi ilipokamilika, na haurudi nyuma hata siku moja.

Karatasi ya shirika letu imepigwa chapa vizuri, ina kurasa nne na tarehe 3 Septemba juu yake. Mkaguzi, dada wa miaka kama thelathini, anaisoma mbele ya ofisa wa hazina.

"Kaka, hii mliiandika lini?"

"Siku ileile tuliyofunga mkataba, dada. Tarehe si hiyo hapo juu?"

"Naiona. Ila ukurasa wa tatu kuna jedwali la bei za mafuta ya ndege na Brent, mwezi kwa mwezi. Mstari wa mwisho ni wa Oktoba."

Ofisa anaivuta karatasi, anaitazama, ananyamaza kidogo. "Labda tuliongeza jedwali baadaye."

"Inawezekana. Basi nitafutie barua pepe uliyompelekea mkurugenzi wa fedha aisaini. Pole kwa usumbufu."

Barua pepe ikapatikana. Ilitumwa tarehe 14 Novemba, ikiwa na karatasi nzima, na mkurugenzi aliijibu jioni hiyohiyo. Hakukuwa na rasimu yoyote ya kabla ya hapo. Mkaguzi hakuegemea tarehe ambayo kompyuta inaonyesha kwamba faili lilitengenezwa, maana faili likinakiliwa tarehe hiyo inaweza kubadilika. Alitaka kitu kilichopita mikononi mwa watu wawili, na barua pepe yenye majibu ni ya namna hiyo. Njia nyingine ni kutazama namba ya mkataba: benki hutoa namba ya kumbukumbu siku moja au mbili baada ya simu, kwa hiyo karatasi ya siku ya simu yenye namba hiyo nayo inajisema yenyewe.

Si lazima kuwe na hila hapa. Mara nyingi kitengo cha hazina kina watu wawili, mkataba ulifungwa kwa haraka, na karatasi ikasahaulika mpaka mkaguzi alipotuma orodha ya anavyovihitaji. Lakini kanuni haiulizi nia. Kufikia 14 Novemba bei ilikuwa imeshaanza kushuka na mkataba ulikuwa na hasara ya dola 190,000. Hasara hiyo ilitokea wakati hakuna kinga iliyotambulika kihesabu, na lazima ipite kwenye faida ya mwaka.

Atakayeona huku ni kukomalia karatasi ataje habari ya Fannie Mae, kampuni kubwa ya Marekani ya kugharimia mikopo ya nyumba. Ilikuwa na mikataba mingi mno ya kujikinga na riba, na ikaiandika mingi kama kinga kamilifu isiyohitaji kupimwa, ilhali masharti ya kuruhusiwa kufanya hivyo hayakutimia. Septemba 2004 ofisi ya serikali iliyokuwa ikiisimamia ilitoa ripoti kali. Desemba mwaka huo mhasibu mkuu wa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani alisema hesabu hizo hazikufuata kanuni na zirekebishwe, na mkaguzi wake wa nje akaondolewa. Mei 2006 kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 400. Hesabu mpya zilipotoka mwishoni mwa mwaka huo, faida ya miaka iliyopita ilikuwa imepungua kwa dola bilioni 6.3. Sehemu kubwa ya marekebisho hayo ilitokana na mikataba hii.

Je, kinga inakinga?

Mtu akisikia methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo, anajua kinga zinazosemwa ni vijinga vya moto, na kwamba kimoja peke yake hakiwashi. Kinga ya kihesabu nayo inahitaji pande mbili. Mkataba unahusu mafuta ghafi ya Brent, lakini ndege hairuki kwa mafuta ghafi. Inaruka kwa mafuta yaliyosafishwa, ambayo kwa Mombasa na Dar es Salaam huja zaidi kutoka Ghuba na kufuata bei za huko. Bei hizo mbili kwa kawaida hutembea pamoja kama ndugu, lakini ndugu nao hukosana. Viwanda vya kusafisha vikizidiwa, mafuta ya ndege yanaweza kupanda haraka kuliko mafuta ghafi, kama ilivyotokea mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine.

Chini ya kanuni ya zamani, IAS 39, kulikuwa na mlango wenye vipimo: mabadiliko ya mkataba yakigawanywa kwa mabadiliko ya kitu kinachokingwa, jibu lilipaswa kuwa kati ya asilimia 80 na 125. Likitoka nje ya hapo, kinga inakufa. IFRS 9, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2018, iliuondoa mlango huo. Inauliza mambo matatu. Kuna uhusiano wa kiuchumi kati ya pande hizo mbili? Hatari ya upande mmoja kushindwa kulipa haijawa kubwa kiasi cha kumeza kila kitu? Na je, uwiano ulioandikwa kwenye karatasi ndio shirika linautumia kweli?

Kwa swali la kwanza, mkaguzi huchukua bei za mwezi kwa mwezi za miaka kadhaa, Brent upande mmoja na mafuta ya ndege upande mwingine, na kutazama kama zikipanda zinapanda pamoja. Akiletewa uchambuzi uliofanywa na mteja, swali lake la kwanza ni kwa nini ulichaguliwa muda huu na si mwingine. Miezi kumi na minane iliyopendeza inaweza kuwa imekatwa kutoka kwenye miaka mitano isiyopendeza.

Lakini kusema uhusiano upo hakumalizi kazi, kwani bado lazima kipimwe kiasi ambacho hakikulingana. Kipimo kinachotumika sana ni mkataba wa kuwaziwa. Unafikiria mkataba ambao ungekikinga kikamilifu kitu chenyewe, hapa mafuta ya ndege, ukianza na thamani ya sifuri siku karatasi ilipokamilika. Kisha unalinganisha ulivyobadilika mkataba huo wa mawazoni na ulivyobadilika mkataba wa kweli.

Mhasibu wa shirika alifanya hivyo na akapata asilimia 100 kamili, bila senti kupotea. Namba nzuri kiasi hicho humfanya mkaguzi aketi wima. Alipofungua jedwali aliona sababu: mkataba wa kuwaziwa ulikuwa umenakiliwa kutoka kwenye ule wa kweli, Brent kwa Brent, tarehe kwa tarehe. Alikuwa amekipima kitu kwa kivuli chake. IFRS 9 inaruhusu kukinga sehemu ya bei tu, kwa mfano ile inayotokana na mafuta ghafi, ikiwa sehemu hiyo inatambulika peke yake na kupimika. Lakini karatasi lazima iseme hivyo. Karatasi ya shirika hili ilisema kinachokingwa ni bei nzima ya mafuta ya ndege.

Mkaguzi akakaa na mtaalamu wa bei kutoka ofisini kwake, wakaujenga mkataba wa kuwaziwa kwa bei za mafuta ya ndege. Kuanzia 14 Novemba hadi 31 Desemba mkataba wa kweli ulipoteza dola 286,000 zaidi. Mkataba wa kuwaziwa ulipoteza dola 260,000. Ukigawanya unapata asilimia 110, ambayo hata mlango wa zamani ungeipitisha. Hata hivyo kupita hakumaanishi dola zote 286,000 zinakwenda kwenye akiba. Kinachokwenda ni kiasi kidogo kati ya hivyo viwili, yaani 260,000. Dola 26,000 zilizozidi hazikukinga chochote, na zinapita kwenye faida ya mwaka.

Ingekuwa kinyume chake, mkataba wa kweli upoteze 260,000 na wa kuwaziwa 286,000, akiba ingechukua 260,000 zote na faida isingeguswa. Kanuni ya kidogo kati ya viwili imewekwa ili akiba isibebe hasara ambayo haina mafuta nyuma yake.

Mapipa yatanunuliwa kweli?

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye jedwali lolote. Kinga hii imewekwa kwa mafuta ambayo bado hayajanunuliwa, kwa hiyo ununuzi huo lazima uwe na uhakika mkubwa sana wa kutokea. Mkaguzi analinganisha mapipa 20,000 ya kinga na mapipa 30,000 ya matumizi, anatazama ratiba ya safari, na anarudi kwenye kumbukumbu za bodi kuona kama kuna mpango wa kurudisha ndege iliyokodiwa au kufuta safari.

Mwaka 2020 ulionyesha kinachotokea uhakika huo ukivunjika. Korona ilipozifunga anga, mashirika yalibaki na mikataba ya mafuta ambayo hayakuwa na ndege ya kuyachoma. IAG, kampuni mama ya British Airways na Iberia, iliandika katika robo ya kwanza ya mwaka huo hasara ya takriban yuro bilioni 1.3 kwa kinga zilizozidi mahitaji. Ununuzi usipotarajiwa tena kutokea, kilichowekwa akiba hakina cha kusubiri. Kinatoka mara moja na kuingia kwenye faida na hasara.

Kwa shirika letu mapipa yapo, safari zipo, na tiketi za Januari zilikuwa zimeshauzwa. Sehemu hiyo ya kinga ilisimama.

Hesabu ilivyokaa mwisho

Shirika lilikuwa limeandika deni la dola 420,000 na kuziweka zote kwenye akiba, faida ya mwaka ikibaki haijaguswa. Baada ya ukaguzi, deni ni dola 476,000. Kati ya hizo, dola 260,000 zinakaa kwenye akiba zikisubiri mafuta. Dola 216,000 zinapita kwenye faida: 190,000 za kabla ya karatasi, na 26,000 za kutolingana. Kama shirika lilikuwa limetangaza matarajio ya faida ya dola 300,000, imebaki 84,000.

Angalia nini kilisababisha kiasi gani. Kosa la bei lilipunguza deni kwa dola 56,000. Kosa la kupima kinga lilificha 26,000. Karatasi iliyochelewa wiki kumi ndiyo iliyogharimu 190,000, na ndiyo peke yake ambayo ingezuilika bila utaalamu wowote, kwa mtu kukaa chini mchana wa tarehe 3 Septemba na kuandika kurasa nne.

Msomaji mwenye hisa zake chache kwenye kampuni inayonunua mafuta, inayokopa kwa dola au inayouza kahawa nje anaweza kufuata njia hiyohiyo kwenye ripoti ya mwaka. Afungue maelezo ya vyombo vya fedha, atafute akiba ya kinga, atazame kama kuna kiasi kilichoandikwa kuwa hakikulingana. Palipo na kinga ya kweli kati ya vitu viwili tofauti, kiasi hicho mara nyingi huwepo, hata kama ni kidogo. Akikuta sifuri mwaka baada ya mwaka, hilo ni swali zuri la kusimama nalo kwenye mkutano mkuu: mlipima kwa nini, na karatasi iliandikwa lini?